Herufi za kanuni za fizikia ziachwe zilivyo

Ndugu Mhariri,

Makala ya elimu mliyoichapisha juma lililopita ilishauri kwamba tunapotafsiri vitabu vya sayansi tuondoe herufi za kigeni kwenye kanuni, ili mwanafunzi aone K ya kani badala ya F, na M ya mchapuko badala ya a. Mimi kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuhariri tafsiri za vitabu vya namna hiyo, na sura iliyo mezani kwangu sasa inahusu kani na mwendo. Nimejaribu kuifuata njia ya mwandishi wenu kwenye kurasa chache za sura hiyo, nikaona haipitiki.

Kikwazo cha kwanza ni ngeli zetu. Majina ya dhana katika Kiswahili huanza kwa viambishi vilevile, kwa hiyo herufi ya kwanza haitofautishi kitu na kitu. Hebu tazama: umbali, urefu, ujazo, uzito, ukinzani, vyote U. Mchapuko, muda, mkondo, mwendokasi, vyote M. Hata pale ambapo ngeli haihusiki, tuna kani, kazi, kasi na kanieneo, na vyote vinne vinagombea K. Sasa chukua kanuni nyepesi kuliko zote katika sura hii, isemayo kwamba kazi ni kani mara umbali. Kwa herufi za mwandishi wenu inakuwa K = K × U. Mtu akisukuma mkokoteni kwa kani ya nyutoni 40 hadi mita 12, amefanya kazi ya juli 480. Mwanafunzi ataambiwa kwamba K ni 480, na papo hapo K ni 40.

Kuna atakayesema tuongeze herufi, tuandike Kz kwa kazi na Kn kwa kani. Lakini katika aljebra herufi mbili zikikaa pamoja maana yake ni kuzidisha. Mwalimu wa hisabati ameshamfundisha mtoto huyo kwamba ab ni a mara b. Mwalimu wa fizikia hawezi kuja saa inayofuata na kumwambia kwamba Kn si K mara n.

Kingine, herufi hizo si za Kiingereza kama inavyodhaniwa. Mkondo wa umeme huandikwa I kwa sababu Ampère, Mfaransa, aliuita kwa neno la Kifaransa linaloanza na herufi hiyo. Waingereza wenyewe wana neno lao la mkondo linaloanza na C, lakini wanaandika I kama sisi. Kasi ya mwanga ni c, na hiyo inatokana na Kilatini. Mtoto wa London naye huikariri I bila kuona inafanana na neno gani la nyumbani kwao.

Malalamiko ya mwandishi wenu yana msingi katika jambo moja: watoto wanaziimba kanuni bila kujua zinasema nini. Dawa yake iko kwenye mstari unaotangulia kanuni. Katika sura hii tumeandika kwanza maneno kamili, kani = tungamo × mchapuko, kisha mstari wa pili F = ma, kisha sentensi inayoanza na “ambapo”: F ni kani kwa nyutoni, m ni tungamo kwa kilogramu, a ni mchapuko kwa mita kwa sekunde kwa sekunde. Mwanafunzi anaipata maana kwa lugha yake, na akifika sekondari akakuta F = ma kwenye mtihani, haanzi upya. Panapokuwa na neno lililoandikwa dogo chini ya herufi, kwa mfano F yenye neno la kuonyesha kwamba ni kani ya msuguano, hilo ni neno na lazima litafsiriwe. Tumeweka “msuguano” hapo chini, na F yenyewe hatukuigusa.

Mpangaji wa kurasa naye ana sehemu yake. Herufi ya kiasi huchapwa kwa mlazo na alama ya kipimo huchapwa wima, kwa hiyo m iliyolala ni tungamo na m iliyosimama ni mita. Matini yakinakiliwa kutoka programu moja kwenda nyingine mlazo mara nyingi hupotea, na hapo F = ma inabaki kama kani ni mita mara kitu fulani. Mimi hukagua sura mara moja zaidi kwa ajili ya hilo tu, nikiwa sisomi sentensi hata moja.

Nije kwenye vipimo, maana huko ndiko kosa linakoingia kwenye majibu. Jina la kipimo tunaliandika kwa tahajia yetu: nyutoni, juli, wati, paskali, sekunde. Alama yake haibadiliki, kwa kuwa katika Mfumo wa Kimataifa wa Vipimo alama si kifupisho cha neno la lugha yoyote. Vitabu vyetu vimezoea kuandika sm kwa sentimita, na ninajua mazoea hayo ni ya muda mrefu. Lakini rula anayonunua mtoto Kariakoo imeandikwa cm. Hizo cm na sm hazijaharibu hesabu ya mtu, ila zinamfanya mtoto adhani kuna vipimo viwili.

Penye hatari ni saa. Mtafsiri aliyezoea kufupisha kwa Kiswahili huona “kilomita kwa saa” akaandika km/s, s ikiwa ya saa. Katika mfumo wa kimataifa s ni sekunde na saa ni h. Sura yetu ilikuja na kosa hilo kwenye swali moja, nami nalieleza kwa ukamilifu ili ionekane linavyotembea.

Swali linasema gari lenye tungamo la kilogramu 1,500 linakwenda kilomita 72 kwa saa. Dereva anakanyaga breki, nalo linasimama baada ya sekunde 4. Tafuta kani ya breki. Kwanza tunageuza mwendo: kilomita 72 ni mita 72,000, saa moja ni sekunde 3,600, ukigawanya unapata 20 m/s. Mchapuko ni (0 − 20) ÷ 4, yaani −5 m/s². Alama ya kutoa inaonyesha kwamba gari linapunguza mwendo. Kani ni 1,500 × (−5), yaani −7,500 N. Hiyo ni karibu nusu ya uzito wa gari lenyewe, ambao ni kama nyutoni 15,000, kwa hiyo jibu linaingia akilini: ni breki kali kiasi ya gari la kawaida kwenye lami kavu.

Sasa mwanafunzi aliyeandikiwa 72 km/s, na aliyefundishwa vizuri kwamba s ni sekunde, atageuza kwa uaminifu kabisa. Atapata 72,000 m/s, mchapuko wa −18,000 m/s², na kani ya −27,000,000 N. Hakukosea hatua hata moja. Kwa mwendo huo basi la Morogoro lingefika chini ya sekunde 3. Akienda kulinganisha na jibu la nyuma ya kitabu, ambalo lilitafsiriwa na mtu mwingine kutoka kitabu cha asili, atakuta −7,500 na kuamini kwamba fizikia haimwezi.

Kosa hili lina alama ya kulitambua. Gawanya jibu la mwanafunzi kwa jibu la kitabu: 27,000,000 kwa 7,500 ni 3,600 kamili. Mwalimu akiona darasa zima limekosa kwa mara 3,600, asihangaike na watoto. Atafute kwenye swali mahali ambapo saa imeandikwa s. Sisi tumeamua kuandika km/h kwenye hesabu zote, na ndani ya sentensi “kilomita 72 kwa saa” kwa maneno, tarakimu ikifuata kipimo kama tunavyosema. Kwenye kanuni tarakimu inatangulia: 72 km/h. Huo mpangilio wa pande mbili hausumbui mtu, maana hata bei tunasoma “shilingi elfu mbili” na kuiandika 2,000/=.

Lipo pia neno “kwa”, ambalo watafsiri hawalitilii shaka. Fundi akikuambia chumba ni mita 3 kwa mita 4, unazidisha upate eneo. Polisi akisema mita 20 kwa sekunde, unagawanya. Kwa mwendo hakuna anayepotea. Lakini sura hii ina springi, ambayo ugumu wake hupimwa kwa N/m, na ukurasa unaofuata ina spana ya kukazia nati, ambayo nguvu yake ya kuzungusha hupimwa kwa N m. Mtafsiri aliandika zote mbili “nyutoni kwa mita”. Moja ni kugawanya, nyingine ni kuzidisha, na msomaji hana njia ya kujua. Nimezitenganisha hivi: panapozidishwa ni “nyutoni mita” bila kitu katikati, panapogawanywa ni “nyutoni kwa kila mita”. Ni ndefu kidogo, lakini springi ya nyutoni 200 kwa kila mita inaeleweka hata kwa asiyewahi kuiona alama yake: kila mita unayoivuta inadai nyutoni 200, na sentimita 5 zitadai nyutoni 10.

Limebaki moja ambalo sijalikata, na ningependa walimu wanisaidie kupitia ukurasa wenu. Herufi ikisimama ndani ya sentensi ipewe ngeli gani? Baadhi ya wenzangu wanasema herufi ni herufi, basi tuandike “a imepungua”. Mimi naandika “a umepungua”, kwa kuwa a ni mchapuko, na upatanisho huo unamkumbusha mtoto kila mara herufi inasimamia nini. Mhakiki mmoja amenizungushia duara jekundu sehemu zote nilizoandika hivyo. Wanaofundisha darasa la saba na kidato cha kwanza waseme wanavyotamka wenyewe ubaoni, kwa sababu sura inakwenda kiwandani mwezi ujao.

Mhariri wa vitabu vya sayansi,
Sinza, Dar es Salaam