Kabla hujanunua mabuti ya gramu 800

Moshi

Ndugu yangu Elia,

Salamu nyingi. Huku sote tu wazima, na Mama Neema anakusalimu. Nimepata ujumbe wako kwamba vidole vilikufa ganzi ulipokaribia Stella Point kule juu Kilimanjaro, ingawa mabuti yako yameandikwa nyuzi 32 chini ya sifuri, na kwamba sasa unataka nikutafutie pale sokoni Memorial mengine ya gramu 800 badala ya hayo ya 400. Nakuomba usitume fedha kwanza.

Gramu hizo ni uzito wa mita moja ya mraba ya tabaka la kuzuia baridi lililo kati ya ngozi na bitana, wala si ahadi ya joto. Ile namba ya nyuzi nayo huwekwa na kiwanda chenyewe, na mara nyingi humhusu mtu anayetembea bila kusimama, ilhali wewe usiku wa kilele unapanda kutoka kambi ya Barafu kwa mwendo wa pole pole na kusimama kila mgeni anapotaka kupumua. Buti halitengenezi joto, bali hulichelewesha tu lisipotee. Joto lenyewe huletwa na damu, na kiwiliwili kikianza kupoa, mwili hubana mishipa ya miguuni ili kuokoa moyo na mapafu. (Yule muuzaji mwenye kofia atakuapia kwamba gramu ndizo kila kitu, namfahamu, hata malapa angeyatajia gramu.)

Umeniambia kwamba ulivaa soksi mbili nene za sufu na kukaza kamba barabara, na hapo ndipo mashaka yangu yalipo. Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia ndani ya sufu na bitana, kwa hiyo soksi ya pili ikijaza buti, hewa hiyo hukamuliwa na damu hubanwa papo hapo. Toa soli ya ndani, uisimamie ukiwa umevaa soksi za kilele: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba hivi. Isipobaki, gramu 800 za saizi ileile hazitakusaidia; tafuta buti kubwa zaidi au uvae soksi moja.

Jambo jingine ni jasho. Ukitembea na mabuti haya mchana kutwa, bitana hulowa, na usiku unyevu huo hukunyang'anya joto. Panda mchana kwa viatu vyepesi, uyatunze haya makavu kwa ajili ya kilele, na soksi za usiku huo uzivae zikiwa kavu.

Sasa nijibu: ganzi ilianza ukiwa unatembea, au baada ya kusimama? Ulipovua, soksi zilikuwa na unyevu? Bitana ya buti hutoka, au imeshonwa humo humo? Na vidole vyenyewe, hisia imerudi yote? Kama kimoja bado kina ganzi, kimebadilika rangi au kimetoa malengelenge, usikisugue wala kukiota motoni. Nenda hospitali leo, habari ya mabuti tutaimaliza baadaye.

Ni mimi nduguyo,
Joakimu