Barua ya wazi kwa mnaomwandalia kiongozi maneno ya kuomba radhi

Wanangu makatibu, wasemaji na washauri wa viongozi,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia ninyi kuliko hao mnaowatumikia, kwa sababu najua taarifa ya kuomba radhi hupikwa wapi. Kiongozi ametamka jambo hadharani, waumini wa dini nyingine wameumia, simu hazinyamazi, na usiku huo huo mmoja wenu anaambiwa aandike aya chache za kutuliza hali. Hapo ndipo radhi inapoharibika kabla haijatamkwa. Aliyetumwa kutuliza hali huandika cha kutuliza hali, na kukiri kosa kunabaki nje ya karatasi.

Chukueni kisa kinachojulikana dunia nzima. Tarehe 12 Septemba 2006, Papa Benedikto wa 16 alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani, ambako aliwahi kuwa profesa. Alizungumzia imani na akili, na katikati ya maelezo hayo akanukuu maneno ya Kaisari Manueli wa Pili wa Bizanti, yaliyotoka katika mjadala wa mwaka 1391, yenye kumtweza Mtume Muhammad. Waislamu wa nchi nyingi walikasirika. Jumamosi ya tarehe 16, Kardinali Bertone, Katibu wa Vatikani, akatoa taarifa kwa niaba ya Papa. Jumapili ya tarehe 17, Papa mwenyewe akasema anasikitika sana kwa jinsi baadhi ya nchi zilivyopokea vifungu vichache vya mhadhara wake, vilivyoonekana kuwaudhi Waislamu, na kwamba vifungu hivyo vilikuwa nukuu ya zamani isiyobeba mawazo yake mwenyewe.

Tazameni majuto hayo yameelekea wapi. Yameelekea kwa waliokasirika. Msikilizaji Mwislamu aliyekuwa akingoja kusikia "nimekosea kuyaleta maneno yale bila kuyakataa pale pale", akasikia kwamba kinachosikitisha ni ghadhabu yake. Siamini kwamba Papa alikusudia kumtukana mtu. Lakini nia njema ya msemaji haikufika masikioni mwa aliyeumia, na sentensi ile ya Jumapili haikuifikisha.

Mtaniambia ghadhabu yenyewe ilikuwa na mabaya yake. Ni kweli. Makanisa yalishambuliwa Nablus na Gaza, na Jumapili ile ile mtawa Leonella Sgorbati, mzaliwa wa Italia aliyekuwa akifundisha wauguzi, aliuawa kwa risasi Mogadishu. Wengi waliyahusisha mauaji hayo na ghadhabu iliyokuwapo. Uovu wa namna hiyo lazima ulaaniwe, na ulaaniwe kwa sauti. Ila usiingizwe ndani ya taarifa ya kuomba radhi. Mtu hawezi kusema "nimekosa" na "lakini tazameni mlivyofanya" kwa pumzi moja, kisha akategemea sehemu ya kwanza isikike. Laana ya fujo iwe na siku yake au msemaji wake, na iwalenge waliofanya fujo peke yao, maana walioumia kimya kimya ni wengi kuliko wao.

Kilichofanya kazi katika kisa kile kilikuja baadaye, na wachache wanakikumbuka. Mhadhara ulipochapishwa pamoja na tanbihi, Papa alirekebisha maandishi yake: akaongeza kwamba ukali wa Kaisari yule haukubaliki, na katika tanbihi akaeleza kuwa sentensi ile si maoni yake. Tarehe 25 Septemba akakutana na mabalozi wa nchi za Kiislamu. Tarehe 30 Novemba akaingia Msikiti wa Buluu, Istanbul, akasimama kimya kando ya mufti, wote wawili wakiwa wameelekea kibla. Mimi nathamini zaidi yale marekebisho ya maandishi, ingawa picha ya msikitini ndiyo iliyoenea. Kurekebisha maandishi ni kugusa kosa pale pale lilipotendeka.

Sasa tushike rasimu mikononi. Tuseme kiongozi wenu alisimama mbele ya wafuasi wake akasema sala za waumini wa dini jirani hazifiki popote, watu wakacheka na kupiga makofi. Najua mtakachoandika, kwa sababu nimekisoma mara nyingi mno:

"Nasikitika iwapo kauli yangu imewakwaza baadhi ya watu. Maneno yangu yaliondolewa katika muktadha wake. Wanaonifahamu wanajua ninavyoheshimu dini zote, na nina marafiki wengi wa dini hiyo."

Neno "iwapo" linatilia shaka maumivu ambayo kila mtu ameyaona. "Imewakwaza" inamwondoa kiongozi jukwaani. Kauli imetembea yenyewe ikaenda kukwaza. "Baadhi ya watu" inawafanya wachache, tena wepesi wa kuudhika. Muktadha unawalaumu waliosambaza. Marafiki wameletwa kama mashahidi wa mahakamani, na sidhani hata waliulizwa. Hakuna sentensi inayosema nani alifanya nini.

Muktadha unaweza kuwa wa kweli, na hilo ndilo huwatatiza waandishi waaminifu miongoni mwenu. Pengine kabla ya kauli ile alizungumza nusu saa juu ya upendo. Bado msiuandike. Maelezo yanasubiri kuulizwa. Walioumia wakitaka kujua alikuwa akiwaza nini, watamuuliza, naye atajibu akiwa mbele yao. Maelezo yanayotangulia kuulizwa ni utetezi tu. Wazee walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hasimami kueleza ni nani aliyemvua.

Rasimu ninayoweza kuikubali ingesomeka hivi:

"Jumapili nilizungumzia sala za jirani zetu kwa dharau, mbele ya watu, ili kuwachekesha. Nilikosea. Sina haki ya kudhihaki ibada ya mtu, na kama kiongozi niliwafundisha walionisikiliza kwamba wanaweza kufanya hivyo. Nawaomba radhi ninyi mliodharauliwa. Ninyi mliocheka nami, nawaambia kwamba sikupaswa kusema vile, wala msirudie maneno yale kwa jina langu. Nimeagiza sehemu hiyo iondolewe katika rekodi tunazosambaza."

Kosa limetajwa, lakini tusi lenyewe halikurudiwa. Jambo hili linahitaji mkono mwepesi. Usipotaja kosa, taarifa inakuwa ukungu na watu watauliza anaomba radhi ya nini. Ukilinukuu neno kwa neno, umewatukana mara ya pili, na magazeti yatachukua nukuu hiyo kuwa kichwa cha habari. Taja tendo na uzito wake: nilidharau, nilidhihaki, nilizusha. Inatosha.

Halafu lipo swali gumu ambalo kiongozi atawauliza mlango ukifungwa: "Mbona mimi kweli naamini dini yao imepotoka? Niseme uongo?" Asiseme uongo. Kila dini inashikilia kwamba ina ukweli ambao nyingine haina, na majirani wa dini nyingine wanalijua hilo vizuri, kwani na wao wanaamini hivyo hivyo kuhusu ninyi. Hawajaumia kwa sababu kiongozi wenu si muumini wa dini yao. Wameumia kwa sababu alifanya ibada yao kuwa kichekesho, au aliwasingizia wasiloliamini. Basi aombe radhi ya dhihaka na ya uzushi, na itikadi yake aiache ilipo bila kuitaja. Kiongozi akijifanya amegeuka na sasa anaona dini zote ni sawa, wafuasi wake watajua amesema hivyo kwa kubanwa, na walioumia watajua pia.

Kama alizusha, kazi inaongezeka. Akisema dini fulani inafundisha jambo ambalo haifundishi, kusikitika hakutoshi. Atamke waziwazi kwamba lile si kweli, na ataje lililo sahihi kama wenyewe wanavyolieleza. Hapo mwandishi asitegemee kumbukumbu zake. Aende akawaulize.

Mpangilio wa hatua nao unasema mengi. Walioumia wasiisikie radhi redioni kama watu wengine. Kiongozi awaendee kwanza viongozi wao, bila kamera, awaambie atakachosema, ndipo akaseme hadharani. Na hadhara hiyo iwe ile ile iliyopiga makofi, au kubwa zaidi. Tusi lililotolewa jukwaani halifutwi na karatasi iliyobandikwa ofisini saa tatu usiku. Wala msimtume naibu wake asome. Kosa lilitoka kinywani mwake.

Kisha mwacheni anayeombwa radhi na uhuru wake. Sheria ya Kiislamu, inapoeleza toba, hudai mtu aache kosa, ajute, na aazimie kutolirudia. Kosa likihusu haki ya mwanadamu mwingine, inaongezeka sharti la kumrudishia haki yake au kupata radhi yake. Maimonides, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba dhambi dhidi ya mwenzako haifutiki mpaka umpoze moyo, na akikataa umrudie na marafiki watatu, hata mara ya tatu. Mzigo wote wa kwenda na kurudi unabebwa na mkosaji. Kwa hiyo yafuteni katika rasimu zenu maneno kama "natumaini sasa tutasonga mbele" au "tufunge ukurasa huu". Huo ni ukurasa wao kuufunga.

Wafuasi wenu watanung'unika. Watasema kiongozi amejidhalilisha, amewapa wale ushindi. Mjiandae kwa hilo kuliko mnavyojiandaa kwa waandishi wa habari, kwa sababu hapo ndipo viongozi wengi hulegea: hadharani wameomba radhi, kwenye kikao cha ndani wanakonyeza jicho na kusema "ilibidi". Siku hizi hakuna kikao cha ndani. Yupo mwenye simu mfukoni, na rekodi ya "ilibidi" ikitoka, hakuna rasimu yoyote mtakayoandika itakayoaminiwa tena. Mwambieni hivyo kabla hajatia saini, na kama hawezi kuyasema maneno yale yale mbele ya watu wake wa karibu, ni bora taarifa ingoje siku mbili.

Mkishamaliza kuandika, tafuteni mtu mmoja wa imani iliyokosewa, mnayemheshimu na asiyekula mshahara wenu, mwombeni aisome. Msimwombe baraka wala jina lake, na msije mkamtaja kokote. Mwombeni tu apige mstari chini ya sentensi iliyomchoma. Mstari ukipigwa, msibishane naye. Ikateni.

Mzee wenu