Babu yako wa Pangani kaniuliza

Mwanangu mpenzi,

Jana babu yako wa Pangani alinipigia simu. Nazi alizokutumia kwa basi umezipata, hilo analijua. Kilichomkwaza ni ujumbe wako: "Asante babu, mzigo nimeupata, umetisha!" Akaniuliza, "Huyu mtoto nimemtisha na nini?" Nikamweleza kuwa vijana wa siku hizi husifu hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata shikamoo hakuna."

Mwanangu, babu hasomi meseji mwenyewe, macho hayamruhusu. Husomewa na mtoto wa jirani pale barazani, wazee wenzake wakisikia. Kwa hiyo unapomwandikia, andika kama mtu aliyesimama mbele ya baraza lile. Anza na shikamoo, uliza afya yake na mguu wake, ndipo uje kwenye nazi. Usiseme "nimeupata" ukaishia hapo. Mweleze zimefikia wapi: "Babu, nazi zimenifikia salama. Jumapili nilipika wali na samaki wa kupaka, wenzangu wakauliza nazi hizi zimetoka wapi, nikawaambia kwa babu yangu. Nashukuru sana, Mungu akuzidishie afya." Mzee anataka kujua mkono wake umemfaa mtu. Na usimwandikie kamwe "nitakurudishia". Kwake itakuwa kama unalipa deni, na yeye hakukukopesha. Siku ukijaliwa, mpelekee kanzu bila kuitaja habari ya nazi.

Sasa yule mwenzako wa ofisini, aliyekushikia zamu siku mbili ulipougua malaria, umemkosea kwa upande mwingine. Ulinisomea mwenyewe ulichomwandikia: "Napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa msaada ulionipatia." Naye akakuuliza kama amekuudhi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mnakula chapati sahani moja, halafu unamwandikia kama unamjibu afisa utumishi! Maneno makubwa baina ya watu waliozoeana huonekana kama mmoja amejitenga. Kwake ingetosha: "Shoga, umeniokoa. Ile ripoti ya Ijumaa ningeikuta imenilalia. Zamu yako ya Jumamosi niachie mimi." Hapo umeitaja kazi yenyewe aliyoifanya, na umemrudishia. Kwa rika lako kurudishiana ndio urafiki wenyewe.

Ila yule mama wa masjala anayekaribia kustaafu, hata mkitaniana kutwa, shikamoo yake isikosekane, na ukimwomba kitu sema "naomba". Utani aanze yeye.

Kwa babu usitume ujumbe mwingine. Mpigie baada ya alasiri, akiwa ametoka msikitini. Atakuitikia "marahaba" kwa kuvuta, nawe usiharakishe. Ukishamshukuru atasema, "Asante kushukuru." Msubiri aage yeye.

Mama yako