Papa wa Jangwani

Mpendwa Mwajuma,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Picha nimeipata, ile ya papa anayeogelea barabarani kando ya gari, ambayo mjumbe wenu ameiweka kwenye kundi la mtaa akisema ni Jangwani. Naomba usimjibu kundini kwanza.

Papa huyo alipigwa picha na Thomas Peschak mwaka 2003, katika bahari ya Afrika Kusini. Kwenye picha halisi anaifuata kayaki ya njano, na aliyekaa ndani amegeuka kumtazama. Jarida la Africa Geographic liliichapisha mwaka 2005. Baadaye mtu akamkata papa yule na kumbandika kwenye barabara iliyofurika. Mwaka 2011 watu waliambiwa ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene, na mwaka 2017 wakaambiwa ni Houston.

Uyaone mwenyewe kabla hujasema neno. Fungua picha kwenye Google Lens, kisha punguza fremu hadi abaki papa peke yake; ukiiacha nzima unaweza kuletewa mafuriko ya kila nchi. Ukiipata ya kayaki, ziweke mbili pamoja uangalie pezi na mkunjo wa mwili. Ni mkao uleule, jambo ambalo papa wawili hai hawawezi kulifanya. Ila siku nyingine usipopata kitu, usichukulie kwamba picha ni ya kweli.

Sasa mjumbe. Ni mtu mzima, na ukimwita mwongo mbele ya vijana atatetea heshima yake, papa atasahaulika. Mwandikie faragha, hivi:

“Shikamoo baba. Ahsante kwa kututahadharisha, maji Jangwani kweli yamejaa. Ila huyu papa ametolewa kwenye picha ya Thomas Peschak, Afrika Kusini, 2003. Nimekuambatishia ile ya asili. Naona ukiirekebisha wewe mwenyewe, watu watakusikiliza zaidi.”

Neno la mafuriko usiliache. Wapo watakaodhani unakanusha maji yaliyoingia majumbani mwao, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Tuma picha yenyewe badala ya kiungo, maana wengi hawatachoma bando kufungua tovuti. Na ile ya uongo usiirudishe ikiwa safi: iandike IMEHARIRIWA katikati, kubwa, kwani maelezo ya chini hupotea ikishasambazwa.

Akikaa kimya hadi jioni na watu wanaendelea kuituma, iweke kundini bila kumtaja. Nina wasiwasi zaidi na wale wanaovuka maji yale kwenda kazini. Wakianza kubishana juu ya papa, tangazo la kweli la barabara kufungwa litapita bila kusomwa.

Niandikie alivyojibu. Msalimie mama.

Wako,
Rehema