Malalamiko: invoisi ya vyumba ambavyo hatudaiwi

Kwa Meneja wa Mauzo ya Makundi,

Habari za kazi. Nimepokea invoisi yenu ya juzi kuhusu bloku ya vyumba vya wajumbe wetu na kusema kweli imeniuma, maana mkataba ule mimi na wewe tuliujadili wiki mbili nzima, mstari kwa mstari, na sasa mnanidai kana kwamba yale mazungumzo hayakuwepo kabisa.

Tukumbushane. Tulishika vyumba 60 kwa usiku 3, yaani chumba kimoja usiku mmoja ukihesabu moja, jumla ni 180. Rasimu yenu ya kwanza ilitaka tujaze asilimia 90 na ipimwe kila usiku peke yake. Nilikataa hapo hapo, nikakwambia wajumbe wa mbali hawafiki wote siku moja, wengine wanaingia siku ya pili na wengi wanaondoka kabla ya usiku wa mwisho, kwahiyo kupima kila usiku ni kutufunga kabla hata hatujaanza. Tukakubaliana asilimia 80 kwa usiku zote tatu kwa pamoja, yaani 144. Hiyo ndiyo mliyosaini.

Sasa invoisi inadai upungufu wa 41. Nimekaa na karatasi nikatafuta hiyo 41 imetoka wapi. Wajumbe walilala vyumba 38 usiku wa kwanza, 52 wa pili, 31 wa tatu. Ukichukua asilimia 90 ya 60 ni 54, halafu ukatoa usiku mmoja mmoja unapata 16, 2 na 23, ambayo ni 41 kamili. Kwa hiyo mhasibu wenu amepiga hesabu kwa ile rasimu tuliyoikataa! Hata kipengele cha upungufu, ile mnaita atrisheni, invoisi inakiita kifungu cha 9, wakati kwenye mkataba uliosainiwa ni cha 11. Kwa mkataba halisi tumejaza 121, upungufu ni 23.

Na hiyo 23 nayo siikubali, na hapa ndo pananikera zaidi. Tarehe ya mwisho ya kubuku kwa bei ya kundi ilikuwa siku 21 kabla ya kufika. Ikafika mkafunga linki, sawa, ni haki yenu, vyumba vilivyobaki vikarudi kwenu muuze mnavyotaka. Ila mjumbe aliyechelewa kupata ruhusa kazini kwake alipiga simu risepsheni siku mbili baadaye, akaambiwa bloku imefungwa abuku mwenyewe mtandaoni, akabuku. Alikuja, akalala kwenu, akakaa mkutanoni na beji yetu shingoni, lakini kwenye hesabu yenu hayupo. Wako 11 wa namna hiyo. Nimelinganisha majina ya usajili wetu na orodha ya wageni mliyonitumia, jina kwa jina, 8 walilala usiku mbili na 3 usiku mmoja, jumla 19. Kifungu cha 12 kinasema wazi mjumbe yeyote wa mkutano anahesabiwa kwetu hata kama kabuku kwa njia nyingine au kwa bei nyingine. Nilikipigania sana hicho kifungu kwa sababu hii hii. Kwahiyo 121 na 19 ni 140, zimebaki 4.

Hizo 4 sikimbii, lakini kifungu cha 13 kinasema chumba mlichokirudisha mkakiuza kwa mgeni mwingine hatudaiwi. Usiku wa tatu mjumbe wetu mmoja alitaka kuongeza siku, akaambiwa hoteli imejaa, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale kaunta nikisikia. Kama ilijaa mnanidai chumba gani tena? Naomba ripoti ya vyumba vilivyouzwa usiku ule, na ikionyesha vilibaki vitupu basi vilivyobaki tutalipa, visizidi 4.

Kingine, bei mliyopiga ni ya chumba pamoja na chai ya asubuhi. Mkataba unasema fidia ni bei ya chumba peke yake, na mtu ambaye hakuja hakunywa hiyo chai, itoeni.

Naomba invoisi hii mfute yote, msiipunguze tu juu juu, halafu mtume nyingine kwa mkataba uliosainiwa ikiwa na ripoti ya usiku wa tatu, ndani ya siku 14. Amana yetu mliyonayo msiikate chochote mpaka tumalizane. Nimeambatanisha mkataba, orodha ya wale 11 na imeili yako ambayo wewe mwenyewe uliandika "tumekubali asilimia 80 kwa jumla."

Mratibu wa malazi, kamati ya mkutano