Mwenzangu anasema sijui ninachotaka

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku hapa Sucre, Bolivia, na sijapata usingizi. Mwenzangu amelala fofofo kitanda cha pili, kana kwamba hakunitamkia lolote. Alinitamkia, tena mbele ya wageni wengine mezani: "Wewe hujui unachotaka." Likizo hii ya miezi minne unajua nilivyoililia kazini. Nitakuwaje sijui ninachotaka?

Hebu pima mwenyewe. Mpango ulikuwa mwezi wa Januari na Februari tupande Peru na Bolivia, Machi tushuke Patagonia, kusini kabisa mwa bara, kisha Aprili tumalizie Brazili tukipumzika. Kwenye karatasi ulipendeza. Tulitoka Lima, mji wa pwani, tukaruka moja kwa moja hadi Cusco, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Baada ya hapo Ziwa Titicaca, mita 3,800, kisha La Paz, mita 3,600. Kila baada ya siku chache begi mgongoni, basi la usiku, kitanda kipya. Usiku nilikuwa nashtuka pumzi imekatika, nakaa kitako mpaka moyo utulie. Kufika Titicaca nilikuwa nimekwisha kabisa. Magofu niliyoyaota miaka yote nikawa nayatazama kama ukuta wa jirani. Mwenzangu akaanza kuhesabu: hapa umenuna, pale umekataa kutoka, kule umelia.

Tulipoteremka Sucre, ambako ni kama mita 2,800, nililala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu Lima. Siku zilizofuata hamu ikarudi, ila haikurudi kwa yale ya zamani. Sasa nataka kujifunza Kihispania asubuhi, na mchana nikae na vitambaa vya Wajalq'a, wafumaji wa milima ya karibu na hapa, vile vyekundu na vyeusi vilivyojaa wanyama wa ajabu wanaoelea kichwa chini miguu juu. Nikamwambia nataka kubaki. Hapo ndipo aliponipa lile neno. Anadai mwili ulishazoea mwinuko zamani, kwamba tatizo ni mimi, nachoka na kila kitu, na Sucre nayo nitaichoka wiki ijayo.

Sikatai kwamba mwili huzoea. Lakini tulikuwa tunaupa nafasi gani ya kuzoea? Waongozaji wa milimani husema ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Sisi tuliruka mita 3,400 kwa ndege moja. Na kinachofuata ni kibaya zaidi: basi la kesho kutwa linapitia Potosí, kama mita 4,000, linafika Uyuni, halafu siku tatu ndani ya landkruza hadi San Pedro de Atacama upande wa Chile, tukilala angalau usiku mmoja kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,000. Yeye ameshakata tiketi. Anasema Februari uwanda wa chumvi wa Uyuni hufunikwa na maji ya mvua ukawa kioo cha mbingu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha picha. Ni kweli nilimwonyesha. Je, mtu akionyesha picha ameshasaini mkataba?

Kinachoniuma si Uyuni, ni lile neno. Maana mipango mingine yote inaweza kusogezwa, isipokuwa Torres del Paine, ile hifadhi ya milima kule Patagonia. Kule huwezi kutembea njia ile ya siku nne au tano bila kambi ya kila usiku kulipiwa mapema, na ukikosa usiku mmoja unavuruga zote zinazofuata. Ni mimi niliyeng'ang'ania tulipie. Yeye alitaka tuende hivi hivi tu. Sasa nani hajui anachotaka?

Nimeshaangalia njia. Naweza kubaki hapa mpaka Machi, nikaruka hadi Santa Cruz, mita 400 tu, kisha Santiago, kisha kusini, tukutane Puerto Natales, mji wa kuingilia hifadhi ile, kabla ya siku ya kambi ya kwanza. Sitapanda tena popote kupita Sucre. Lakini nikifika kule bila hamu ya milima, itakuwaje? Leo nataka vitambaa, mwezi huo sijui nitataka nini, na yeye atakuwa anasubiri nikosee.

Mara nyingine natamani ningekuwa sijapanga kitu. Halafu akisema "basi amua mwenyewe" nakasirika kwamba ananiachia mzigo.

Nisaidie, Shangazi. Mtu anajuaje kama amechoshwa na mwinuko na mabasi, au amechoshwa na safari yenyewe, au na mwenziwe? Siku chache za usingizi mzuri zinatosha kuwa ushahidi? Na hilo la kukutana Puerto Natales nimwambie asubuhi hii, au nisubiri apande basi kwanza nimwandikie?

Mimi niliyekesha, Sucre