Barua kwa Rehema kuhusu mzigo uliopotea

Dar es Salaam,
14 Machi 2025

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Mwanza. Nimesoma nakala ya risiti na masharti ya kampuni uliyonitumia, na nimesikitika sana, kwa maana najua cherehani ile ya ovaloki ilikuwa na kazi ikiisubiri. Umeniomba nikusaidie kuandika barua ya madai, basi naomba uyafuate haya kabla hujaanza kuandika.

Barua yako iwe na maombi mawili yaliyotenganishwa waziwazi: kwanza uchunguzi, kisha fidia. Ukiyachanganya, kampuni itakujibu kwamba uchunguzi unaendelea, na suala la fidia litasubiri bila mwisho. Iandike barua hiyo sasa, kwa sababu masharti yao yanataka madai yawasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu mzigo ulipopokelewa kaunta, na simu ulizopiga hazihesabiki kuwa madai.

Katika uchunguzi, usiombe tu kwamba mzigo utafutwe. Kumbukumbu za mtandaoni zinaonyesha kuwa kifurushi kilitoka Dar es Salaam na kikapokelewa Dodoma, kisha hakuna kilichoandikwa tena. Kwa hiyo omba walinganishe orodha ya mizigo iliyopakiwa Dodoma kwenda Mwanza na orodha ya mizigo iliyoshushwa Mwanza, na wakueleze kwa maandishi kama namba ya mzigo wako imo katika zote mbili. Ikiwa imo katika ya kwanza pekee, mzigo ulipotelea njiani au wakati wa kushusha. Ikiwa haimo katika yoyote, huenda bado uko Dodoma, na huko ndiko kwa kutafutwa kwanza.

Nimeona mara nyingi mzigo unaosemekana umepotea ukiwa umekaa ghalani kwa sababu lebo yake imebanduka, na asiye na namba hawezi kuutambua. Ndiyo maana maelezo ya sura ya mzigo yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Andika kwamba ni boksi la kaki lenye kilo saba, lililozungushiwa utepe mpana wa plastiki, na jina lako likiwa limeandikwa ubavuni kwa kalamu nzito nyeusi. Ongeza namba ya mashine yenyewe, ambayo utaikuta kwenye kadi ya waranti aliyokukabidhi muuzaji, kisha uombe maboksi yote yasiyo na lebo katika matawi hayo matatu yakaguliwe kwa maelezo hayo.

Sasa fidia. Cherehani uliinunua kwa shilingi 650,000, na risiti ya EFD inathibitisha hivyo, lakini masharti yanasema kwamba mzigo usiokatiwa bima ya ziada hulipwa thamani yake halisi isiyozidi shilingi 500,000, pamoja na kurudishiwa nauli ya mzigo. Nauli ilikuwa shilingi 25,000. Kwa hiyo dai lako ni shilingi 525,000, na utaje namba ya kifungu kinachosema hivyo. Najua unatamani kudai pia mapato uliyoyakosa, na ni haki kuumia, ila masharti hayohayo yameyaondoa mapato yaliyopotea, na mimi nisingeyaingiza humo. Kampuni hulijibu kwanza dai lililo rahisi kulikataa, kisha hulifanya jibu hilo kuwa jibu la barua nzima. Badala yake weka sentensi hii: "Dai hili halinizuii kudai zaidi endapo uchunguzi utathibitisha kwamba mzigo uliibwa au kupotezwa kwa uzembe wa watumishi wenu."

Wakikubali kulipa, soma karatasi watakayokupa usaini. Kama wanakupa sehemu tu ya fedha huku karatasi ikisema huna dai lingine lolote, usisaini. Pokea tu baada ya kuandikwa kwamba hayo ni malipo ya awali.

Wape tarehe kamili ya kujibu, kisha utaje kwamba jibu lisiporidhisha utalifikisha suala hili Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ndiyo hutoa leseni za usafirishaji wa vifurushi. Mamlaka hiyo hutaka mteja aanze kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, na hivyo barua hii ndiyo itakayokuwa ushahidi kwamba ulianza huko. Chapisha nakala mbili, uzipeleke mwenyewe tawini, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ambatanisha vivuli vya risiti ya mzigo, risiti ya EFD na kadi ya waranti, lakini nakala halisi zibaki mikononi mwako.

Nitumie rasimu jioni ukimaliza, niisome kabla hujaipeleka.

Rafiki yako,
Zuhura